Moyo kwenda mbio wakati wa kukoma hedhi: Jinsi rekodi za saa zinavyotenga fukuto na hitilafu za mdundo

MWANAMKE anayekaribia umri wa kukoma hedhi huweza kuamka saa nane za usiku akiwa ametota jasho, uso umemwaka kwa joto na moyo unadunda kana kwamba amekimbizwa.

Kwa wengi, hilo ni wimbi la joto la ghafla, yaani fukuto, linaloletwa na mabadiliko ya homoni. Kwa wachache, mapigo hayo ni dalili ya hitilafu katika mfumo wa umeme unaouendesha moyo.

Tatizo ni kwamba hali hizi mbili hujitokeza katika umri mmoja, na mgonjwa huzieleza kwa maneno yaleyale: “Moyo unaenda mbio.” Afikapo kliniki, shambulio huwa limekwisha na kipimo cha ECG huonyesha moyo uliotulia.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. Kuna anayeambiwa ni umri tu, kumbe ana ugonjwa unaotibika. Na kuna anayeishi kwa hofu ya kufa ghafla, kumbe moyo wake ni mzima.

Saa za kisasa zinazopima mapigo zimesaidia kuziba pengo hilo, kwa kuwa humwandama mgonjwa nyumbani, sokoni na kitandani. Hata hivyo, nambari iliyo kwenye saa haitoshi peke yake. Kinachofaa ni kujua mapigo yalianzaje, yalikwendaje na yalikomaje, na mwili ulikuwa katika hali gani wakati huo.

Kinachotokea fukuto linapokuja

Hedhi husemekana kuwa imekoma mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuipata. Kwa wengi hali hiyo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo, homoni ya estrojeni huanza kupanda na kushuka bila mpangilio, kisha hupungua kabisa.

Upungufu huo huvuruga sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili. Kwa kawaida ubongo huvumilia mabadiliko madogo ya joto bila kuchukua hatua. Estrojeni inapopungua, uvumilivu huo hupungua pia, na ongezeko dogo tu la joto huchukuliwa kana kwamba mwili unaungua.

Ubongo basi huamuru mwili ujipoze. Mishipa ya damu ya ngozi hutanuka, uso na kifua hupata joto, jasho hutoka, na moyo huongeza kasi ili kusukuma damu zaidi kuelekea kwenye ngozi. Baadaye mwanamke huhisi baridi, wakati mwingine hata kutetemeka.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba ongezeko hilo la mapigo ni dogo. Vipimo vilivyofanywa maabara vimeonyesha kuwa wakati wa fukuto moyo huongeza takriban mapigo 7 hadi 15 kwa dakika. Mwanamke ambaye moyo wake hupiga mara 74 akiwa ametulia atafika 85 au 90 hivi.

Kwa hivyo, mtu huweza kuhisi moyo unataka kutoka kifuani ilhali saa inasoma 88. Si kwamba saa imekosea. Hisia ya mdundo mzito hutokana pia na nguvu ya kila pigo na namna mwili unavyokuwa macho wakati huo, wala si kasi peke yake.

Mchoro wa fukuto kwenye rekodi hufanana na kilima kidogo. Mapigo hupanda hatua kwa hatua, hufika kileleni, kisha hushuka polepole, kwa kawaida katika muda wa dakika chache. Baadhi ya wanawake huhisi moyo ukidunda sekunde kadhaa kabla ya joto, lakini joto lenyewe hufuata mara moja.

Hitilafu za mdundo zina sura nyingine

Hitilafu ya kwanza ni ile ya mkondo wa umeme unaozunguka. Baadhi ya watu huzaliwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo au karibu na kituo kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini. Umeme ukinaswa humo, huzunguka mfululizo na kuupigisha moyo kwa kasi ya 150 hadi zaidi ya 200 kwa dakika.

Aina moja ya hitilafu hiyo, ambayo mzunguko wake uko kwenye kituo chenyewe, huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mara nyingi hudhaniwa kuwa ni wasiwasi wa nafsi, na katika umri huu hudhaniwa kuwa ni kukoma hedhi.

Kwenye rekodi, mchoro wake si kilima bali ni ukuta. Mapigo huruka kutoka 78 hadi 170 bila kupitia katikati, hubaki hapo karibu bila kubadilika, kisha hukatika ghafla kama taa iliyozimwa. Wagonjwa wengi hutaja pia kukojoa sana wakati wa shambulio au baada yake.

Hitilafu ya pili ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Vyumba hivyo huacha kupiga kwa pamoja na kuanza kutetemeka, na mapigo yanayofika mkononi hukosa mpangilio wowote: mawili ya haraka, moja lililochelewa, matatu yaliyobanana. Ugonjwa huu ni hatari kwa sababu damu huweza kuganda ndani ya moyo, donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi.

Katika Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuuchukulia kwa uzito. Baadhi ya wanawake waliugua homa ya baridi yabisi utotoni, ikawaachia vali za moyo zilizoharibika, nao huweza kupata mtetemo huu mapema kuliko kawaida. Mwenye historia kama hiyo hapaswi kusubiri wiki kadhaa za kukusanya rekodi. Anafaa kuonana na daktari mapema.

Hali ya tatu, ambayo hupatikana sana na aghalabu haina madhara kwa mwenye moyo mzima, ni pigo linalokuja kabla ya wakati wake. Mtu huhisi moyo umeruka pigo moja, kisha pigo zito hufuata.

Hapa saa huweza kumpotosha mtumiaji. Pigo la mapema husukuma damu kidogo mno kiasi kwamba wimbi lake halifiki mkononi. Yakija baada ya kila pigo la kawaida, saa huhesabu nusu tu ya mapigo. Moyo unaopiga mara 80 husomeka 40, na mwenyewe akadhani moyo wake unasimama. Mchoro wa ECG hufichua ukweli huo mara moja.

Kiwango kinachobaki juu siku nzima

Si kila moyo unaokwenda mbio una shambulio lenye mwanzo na mwisho. Wakati mwingine kinachobadilika ni kiwango cha kawaida chenyewe, na hapa rekodi ya usiku ndiyo yenye thamani zaidi.

Mwenye mafukuto pekee huwa na mapigo ya kawaida kati ya fukuto moja na jingine. Anapolala fofofo, moyo wake hushuka jinsi ulivyozoea. Rekodi ikionyesha kwamba mapigo ya usingizini yamepanda kwa wiki kadhaa, tuseme kutoka 62 hadi 84, kuna jambo jingine linalostahili kutafutwa.

Mambo mawili hutangulia katika orodha. La kwanza ni upungufu wa damu, kwa kuwa miaka ya kuelekea kukoma hedhi mara nyingi huja na hedhi nzito na ya muda mrefu. La pili ni tezi ya shingoni ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Nayo huleta joto, jasho, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, dalili zilezile za kukoma hedhi. Yote mawili hubainika kwa vipimo vya damu.

Jinsi saa inavyopima, na inapokosea

Saa hizi hutumia njia mbili tofauti, na ni muhimu kutozichanganya.

Njia ya kwanza ni mwanga. Taa ndogo za kijani chini ya saa humulika ngozi, na kihisio hupima jinsi damu inavyoongezeka na kupungua katika mishipa midogo. Njia hii huhesabu mawimbi ya damu, haisomi umeme wa moyo. Mikanda ya bei nafuu huwa na njia hii pekee.

Njia ya pili ni ECG yenyewe, inayopatikana katika baadhi ya saa. Mtumiaji huweka kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe au ukingo wa saa kwa sekunde 30, na mkondo wa umeme wa moyo huchorwa. Baadhi ya saa hizo huandika jibu kama “Sinus Rhythm”, yaani mdundo wa kawaida, “Atrial Fibrillation”, yaani mtetemo wa vyumba vya juu, au “Inconclusive”, yaani mchoro haukutosha kutoa uamuzi.

Njia ya mwanga huvurugwa na mkono unaotikisika, mkanda uliolegea na jasho linaloifanya saa iteleze. Mwanga wa kijani pia hufyonzwa na rangi ya ngozi, hivyo kwa ngozi nyeusi sana ishara huweza kuwa dhaifu. Saa inafaa kuvaliwa ikiwa imebana kiasi, juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, na ikaushwe baada ya fukuto lenye jasho jingi.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba saa nyingi hazipimi kila sekunde. Mtu akiwa ametulia, huweza kupita dakika kadhaa kati ya kipimo kimoja na kingine ili kuhifadhi chaji. Shambulio la dakika mbili linaweza kupita bila kuacha alama. Suluhisho ni kuwasha hali ya mazoezi mara tu dalili zinapoanza, kwa kuwa hapo saa hupima mfululizo.

Maonyo nayo yana masharti yake. Saa ya Apple, kwa mfano, hutoa onyo la mapigo ya juu pale tu yanapozidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwanzoni ni 120, huku mvaaji akionekana kutulia kwa dakika 10. Kwa hivyo kutopata onyo hakuthibitishi kwamba moyo ni mzima.

Kwa upande mwingine, onyo nalo si hukumu. Katika utafiti uliofanywa Marekani ukihusisha zaidi ya watu 400,000 waliovaa saa hizo, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2019, takriban nusu asilimia walipata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio. Miongoni mwa wale waliovaa kiraka cha ECG baadaye na kukirejesha, asilimia 34 walikutwa na mtetemo wa vyumba vya juu. Kwa kuwa mtetemo huja na kuondoka, waliosalia hawakuwa wote wazima, lakini takwimu hiyo yaonyesha kwa nini daktari huthibitisha kwa mchoro kabla ya kutoa dawa.

Mfano wa rekodi ya wiki tatu

Chukua mfano wa mwalimu wa umri wa miaka 49, ambaye hedhi yake imekuwa ikija kwa kurukaruka kwa mwaka mmoja. Analalamika kwamba moyo humwenda mbio mara kadhaa kwa wiki. ECG ya kliniki haikuonyesha kasoro yoyote.

Anashauriwa kuvaa saa mchana na usiku kwa wiki tatu na kuandika katika daftari mambo manne kila moyo unapomsumbua: saa na dakika, kama joto lilikuwepo, alikuwa akifanya nini, na jinsi lilivyokoma. Kazi ya daftari ni kuipa maana nambari ya saa, kwa kuwa 130 ya kupanda ngazi si sawa na 130 ya kukaa kwenye kiti.

Mwisho wa wiki tatu daftari lina matukio 17. Katika 13 kati yake ameandika joto na jasho. Anapoyalinganisha na rekodi, mapigo yalipanda kutoka kama 74 hadi kati ya 84 na 91, kisha yakashuka ndani ya dakika tano. Matukio sita kati ya hayo yalikuwa ya usiku.

Manne yaliyobaki hayakuwa na joto. La kwanza lilimpata akisahihisha madaftari. Saa 10:05 jioni rekodi inasoma 76, saa 10:12 inasoma 171, saa 10:19 inasoma 170, na saa 10:26 inasoma 84. Baadaye aliandika kwamba alikwenda msalani mara tatu.

La pili lilimkuta sokoni, likadumu kama dakika tatu, na saa haikuandika chochote. Hilo lilimfunza kuwasha hali ya mazoezi.

Katika tukio la tatu aliiwasha, akaketi na kuchukua ECG ya sekunde 30. Saa iliandika “High Heart Rate”, yaani mapigo ya juu. Rekodi ya mfululizo ilinasa mwisho wa shambulio: 168, 168, 169, kisha 93 kwa mara moja. La nne lilifanana na hilo.

Daktari akiupokea mchoro huo haangalii jibu la saa bali mistari yenyewe. Anaona minara myembamba iliyopangika kwa umbali sawa, isiyo na kile kilima kidogo kinachotangulia kila mnara katika mdundo wa kawaida. Mpangilio sawa unauondoa mtetemo wa vyumba vya juu. Mwanzo na mwisho wa ghafla unaliondoa fukuto. Kinachobaki kushukiwa ni mkondo wa umeme unaozunguka.

Mwalimu huyu basi ana mambo mawili kwa pamoja, na hili ndilo fundisho la rekodi yake. Kama angetibiwa mafukuto pekee, matukio 13 yangepungua, na manne yangeendelea bila yeye kuelewa sababu. Kama angetibiwa moyo pekee, usingizi wake ungeendelea kukatizwa.

Vipimo vyake vya damu na vya thairoidi ni vya kawaida. Anapelekwa kwa mtaalamu wa moyo, ambaye huweza kumpa dawa au kuichoma njia ya ziada kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa damu. Hufundishwa pia namna ya kukatiza shambulio: akiwa ameketi nusu, apulize kwa nguvu kwa sekunde 15, kisha alazwe chali huku miguu ikiinuliwa na msaidizi kwa sekunde 15 nyingine. Mbinu hiyo hutumiwa baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa na kumwelekeza.

Asiye na saa

Mwanamke asiye na kifaa chochote hajafungiwa mlango. Anaweza kuweka vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa ndani wa mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Muhimu zaidi, agonge meza kwa mdundo ule anaouhisi. Mwenzake akimsikiliza ataweza kutambua kama mgongo huo una mpangilio au umevurugika.

Matukio yakitokea karibu kila siku, hospitali huweza kumfunga kifaa cha Holta, ambacho hurekodi ECG kwa saa 24 au zaidi. Yakitokea mara moja kwa mwezi, kifaa hicho huweza kukosa kulinasa tukio, na hapo saa au kiraka cha muda mrefu hufaa zaidi.

Wakati wa kutosubiri rekodi

Zipo hali ambazo hazihitaji daftari wala saa. Moyo kwenda mbio pamoja na kuzirai, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dharura. Vivyo hivyo mapigo yanayoanza mtu akiwa katikati ya mazoezi, au kwa mtu ambaye jamaa yake wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, yanahitaji uchunguzi wa haraka.

Ikumbukwe kwamba ECG ya saa haiwezi kugundua mshtuko wa moyo. Hutazama moyo kutoka upande mmoja tu, ilhali mashine ya hospitali huutazama kutoka pande 12. Mwenye maumivu ya kifua ambaye saa yake imeandika “Sinus Rhythm” bado anapaswa kwenda hospitalini.

Kwa wengine wote, kitu cha kumpelekea daktari si simu yenye maelfu ya nambari. Ni ukurasa mmoja wa daftari wenye tarehe, dakika na hali ya mwili, pamoja na michoro miwili au mitatu ya ECG iliyochukuliwa wakati moyo ulikuwa ukisumbua. Uchukuliwe pia mchoro mmoja mtu akiwa mzima kabisa, ili daktari apate cha kulinganisha.